Penati ya dakika ya 78: kamera mbili kwenye fainali ya ndondo Kitangiri

Ukiwa na kamera mbili uwanjani, kishawishi cha kwanza ni kuzielekeza zote kwenye mpira. Ukifanya hivyo utarudi nyumbani na goli lilelile mara mbili, mara moja kutoka juu na mara moja kutoka chini, na hutakuwa na uso hata mmoja wa mtu aliyelishangilia. Kwenye mechi za mtaani hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu watazamaji wamesimama hatua mbili kutoka kwenye mstari na wao ni nusu ya mchezo.

Kisa ninachokichambua ni fainali ya ndondo iliyochezwa mwezi wa Julai kwenye kiwanja cha shule upande wa Kitangiri, Mwanza. Walikutana vijana wa Mwaloni, wengi wao wachuuzi na wapakiaji wa dagaa, na timu iliyotoka Igoma. Mratibu alitaka vitu viwili. Cha kwanza ni mechi nzima bila kukatwakatwa, ili makocha waitazame. Cha pili ni filamu fupi ya dakika 8 ya kuweka mtandaoni, ya kuwaonyesha wadhamini jinsi mashindano yao yanavyojaza watu. Hiyo mechi nzima inahitaji mpira. Hiyo filamu fupi inahitaji watu. Mgawanyo wa kazi kati ya kamera mbili ulitoka hapo hapo, kabla hatujafika uwanjani.

Tulikwenda kukitazama kiwanja siku moja kabla, saa ileile ya mechi. Huku kwetu jua la jioni ndilo linaloamua upande wa kukaa. Magoli ya kiwanja hiki yako kaskazini na kusini, na Julai jua la Mwanza huzama karibu saa 12:50. Mechi ilipangwa kuanza saa 10:30 jioni. Maana yake ni kwamba muda wote jua lingekuwa linashuka upande wa magharibi, upande wa ziwa. Ukikaa mashariki utalipiga jua usoni: wachezaji wanakuwa vivuli vyeusi, namba za jezi hazisomeki, na mwanga unaingia kwenye lenzi na kuifanya picha iwe na ukungu. Ukikaa magharibi jua linakuwa mgongoni. Wachezaji wanaonekana vizuri, na la muhimu zaidi, watazamaji waliosimama ng'ambo upande wa mashariki wanakuwa na mwanga wote usoni. Ukichagua upande kwa ajili ya mpira umeshachagua pia watazamaji utakaowaona.

Mratibu alikuwa ametuandalia Fuso la kusimamia kamera ya kwanza. Tulimshukuru, lakini upande uleule wa magharibi kulikuwa na jiwe, moja ya yale mawe makubwa ambayo Mwanza haikosi popote, lenye kimo cha kama mita 4 na juu yake pako bapa. Tulichagua jiwe. Gari lina springi, na kila anayepanda au kushuka analitikisa. Kamera iliyovutwa hadi ndani ya boksi la penati kutoka mita 60 hukuza mtikisiko huo hadi goli zima liruke kwenye picha. Tena watu hupanda gari wakati wa goli, yaani dakika ambayo hutaki mtu apande. Jiwe halitikisiki. Shida yake ni kwamba miguu ya tripodi huteleza, kwa hiyo tuliifunga vidole vya mpira badala ya misumari, tukaitandaza chini, na kuning'iniza mfuko wa mchanga katikati.

Jiwe lile halikuwa sawa na mstari wa kati. Lilikuwa kama mita 7 kaskazini yake, na mtu anaweza kuona hilo ni kasoro. Sikuona sababu ya kulikataa. Goli la kusini lilionekana dogo kidogo kuliko la kaskazini, basi. Kimo kile kilinipa kitu ambacho huwezi kukipata ukiwa chini: nafasi kati ya mchezaji na mchezaji. Ukiwa kwenye usawa wa macho, beki na winga waliopishana mita 15 wanaonekana wamegusana. Kutoka juu unaiona njia ya pasi kabla haijapigwa, na kocha anayeitazama mechi baadaye anaiona pia.

Kamera ya pili ndiyo iliyotufikirisha. Wengi huiweka nyuma ya goli, na picha yake ya goli ni nzuri kweli. Lakini hapo unaipata nusu moja ya mchezo tu, na watu walio nyuma ya goli wanakuwa nyuma yako. Wengine huiweka ng'ambo, wakidhani wanazunguka uwanja wote. Huko ndiko mkanganyiko mkubwa unakotoka. Kutoka magharibi, timu inayoshambulia kusini inakwenda kulia kwa picha. Kutoka mashariki timu hiyohiyo inakwenda kushoto. Ukiunganisha shoti hizo mbili, mtazamaji anaona mshambuliaji amegeuka ghafla na kulikimbilia goli lake mwenyewe. Chora mstari kichwani kutoka goli moja hadi lingine, na kamera zote mbili zikae upande mmoja wa mstari huo.

Kwa hiyo kamera ya pili nayo ilikaa magharibi, lakini chini, pembeni mwa kiwanja usawa wa boksi la kusini, kama mita 3 nje ya mstari. Kijana aliyeishika, ambaye nimefanya naye kazi muda mrefu, alikaa kwenye kigoda akitumia stendi ya mguu mmoja na lenzi ya milimita 70–200. Kutoka pale aliliona goli la kusini kwa ubavu, na akigeuza lenzi kidogo kushoto aliwaona watazamaji wa ng'ambo, pembe ya kusini-mashariki, ambako mashabiki wa Mwaloni walikuwa wamejipanga. Walikuwa kama mita 65 kutoka kwake. Kwa kamera yake yenye sensa ya APS-C, milimita 200 kwa umbali huo humpa fremu yenye upana wa mita 7 na nusu hivi, yaani watu 15 hivi wakiwa bega kwa bega. Huwaoni kwa karibu sana, lakini nyuso zinasomeka.

Umbali huo una faida nyingine. Ukimsogelea shabiki na kamera hatua mbili mbele yake, anaacha kutazama mpira na kukutazama wewe, na watoto wanajaa mbele wakipunga mikono. Akiwa ng'ambo ya uwanja hajui kama lenzi iko kwake, na anaendelea kuishi mechi yake. Lakini watu wana haki ya kujua kwamba wanapigwa picha, na hasa wazazi walio na watoto. Mratibu alitangaza kwa kipaza sauti kabla ya mechi, akarudia wakati wa mapumziko, kwamba mechi inarekodiwa pamoja na watazamaji na itawekwa mtandaoni, na asiyetaka ahamie nyuma ya goli la kaskazini. Kijana wangu hakuielekeza lenzi huko hata mara moja.

Mipangilio ya kamera siichambui sana. Zote mbili zilikuwa kwenye fremu 50 kwa sekunde, ili goli liweze kurudiwa taratibu kwa nusu ya kasi kwenye filamu ya fremu 25. Shata ilikuwa 1/250 ili mpira usivutike kama mkia, na rangi ilifungwa kwenye 5600K kwa zote mbili. Ukiiachia kamera ichague rangi yenyewe, moja itaona majani na nyingine itaona vumbi jekundu, na kwenye kuhariri jezi moja itakuwa na weupe wa aina mbili. Mwaloni walivaa nyeupe, Igoma bluu. Jezi nyeupe kwenye jua la saa 10 huungua haraka, lakini ukiibana kamera sana kwa ajili ya jezi, nyuso zinapotea gizani. Tulipima kwa nyuso, kisha tukapunguza kidogo hadi namba za mgongoni zisomeke.

Jambo moja dogo lakini linaloweza kukuharibia kazi: kamera yangu ni ya aina inayojizima yenyewe karibu na dakika 30 za kurekodi. Kipindi kimoja ni dakika 45. Tulikubaliana kwamba baada ya dakika ya 20 nitasubiri mpira usimame kwa muda mrefu, nimwambie mwenzangu afungue lenzi yake hadi 70 na ashike mchezo wote, ndipo nisimamishe na kuanza upya. Nafasi ilipatikana dakika ya 26, beki wa Igoma alipokuwa akitibiwa goti. Kamera mbili zisiwashwe upya kwa wakati mmoja hata siku moja.

Sasa kuufuata mpira. Nilisimama nyuma ya tripodi nyayo zikielekea katikati ya uwanja, ili kiuno kiweze kujipinda hadi goli la kushoto na hadi goli la kulia bila kuhamisha miguu. Ukisimama umelielekea goli moja, shambulio la kushtukiza kwenda goli la pili litakukuta umejikunja na kamera itakwenda kwa mikwaruzo. Fokasi niliifunga kwa mkono kwenye mita 60 hivi, tundu la lenzi likiwa f/8. Kwa mwanga ule na umbali ule karibu uwanja wote ulikuwa mkali. Fokasi ya kujiendesha ingerukia kila anayepita chini ya jiwe na kila wingu la vumbi.

Mpira ukiwa katikati, fremu yangu ilibeba kama mita 35 hadi 40 za urefu wa kiwanja. Ukiingia theluthi ya mwisho nilivuta polepole hadi mita 25 hivi, boksi lote na mtu wa krosi wakiwa ndani. Sikwenda karibu zaidi ya hapo mpira ukiwa unachezwa. Mpira haukai katikati ya fremu. Unakaa nyuma kidogo, ili mbele yake, upande unakoelekea, kuwe na nafasi na wachezaji wanaousubiri. Winga wa Igoma alikuwa na mbio za ajabu, na mara zote alizompita beki ningeweza kumkosa kama ningemweka katikati. Kwa kuwa nafasi ilikuwa mbele yake, aliingia ndani ya nafasi hiyo na mkono wangu ukapata muda wa kumfuata.

Mpira wa juu ndio unaowashinda wengi. Kipa akipiga mpira mrefu, jicho linataka kuutafuta angani, kamera inapanda, na mtazamaji anabaki na mawingu. Dawa ni kufungua fremu kabla kipa hajapiga, yaani wakati anarudi nyuma kuchukua hatua, kisha kuacha mpira utoke juu ya fremu na kuwatazama wachezaji. Wao wanajua utaangukia wapi. Tazama vichwa na miguu yao, geuza kamera kufuata kundi linakokusanyika, na mpira utashuka ndani ya picha wenyewe. Kwa hiyo mimi hufungua macho yote mawili, moja kwenye skrini na jingine uwanjani, kwa sababu skrini inaonyesha kilichopo na uwanja unaonyesha kinachokuja.

Goli la kwanza lilikuja dakika ya 23. Igoma walikuwa wakishambulia kusini. Krosi ilitoka upande wa mbali, straika akaunganisha kwa kichwa. Mpango wa kipindi cha kwanza ulikuwa kijana wangu akae na mpira kila unapoingia boksi la kusini, kisha ageukie watu ukishaingia wavuni. Picha ya kichwa kile kutoka chini ni safi sana. Lakini kutoka mpira kugusa wavu hadi lenzi kufika kwa watu, kupata fokasi na kutulia, zilipita sekunde 4 hivi. Na mashabiki wa Igoma kufikia wakati huo hawakuwa tena mahali pao. Kamba ilishavukwa, watu walishaingia uwanjani, na tulichokipata ni migongo inayokimbia na vumbi.

Hapo ndipo mechi za mtaani zinapoachana na zile za Kirumba au Nyamagana. Uwanjani kwenye majukwaa mtu akishangilia anaruka palepale alipo, na unaweza kumpata hata sekunde 10 baadaye. Kiwanja cha kamba hakimshiki mtu. Furaha ya kweli, ile ya mdomo kufunguka kabla mwili haujajua cha kufanya, inadumu chini ya sekunde 3, na haiwezi kupatikana na mtu ambaye lenzi yake ilikuwa kwenye mpira.

Wakati wa mapumziko tuliitazama klipu ile kwenye skrini ndogo, na tukabadilisha mgawo. Kipindi cha pili Mwaloni wangeshambulia kusini, mbele ya mashabiki wao wenyewe. Tukakubaliana kwamba mpira uliosimama karibu na goli (kona, faulo, penati) ni wa kamera ya kwanza peke yake, na kamera ya pili inakuwa kwa watu tangu mpira unapowekwa chini. Mpira ukiwa unachezwa aendelee kuwa na washambuliaji, lakini shuti likitoka mguuni asiufuate mpira. Ageuke muda uleule.

Dakika ya 61 tuliona matunda yake. Mwaloni waligonga mwamba. Lenzi ilifika kwa watu wakiwa bado na mikono kichwani, na walibaki hivyo muda mrefu, wengine wakizunguka kuwatafuta wenzao wa kulalamika nao. Goli lililokoswa ni zuri kuliko goli kwa anayepiga picha za watazamaji, kwa sababu hakuna anayevuka kamba. Ningekuwa na mechi moja tu ya kumfundishia mtu kupiga watazamaji, ningemwambia asisubiri magoli. Asubiri mashuti yanayotoka nje.

Kisha penati. Dakika ya 78 beki wa Igoma aliushika mpira ndani ya boksi, mwamuzi akaonyesha doa. Tulikuwa tumeunganishwa kwa simu, kila mmoja na spika moja sikioni.

"Mdogo wangu, penati. Nenda kwa watu."

"Kaka, na mpira?"

"Mpira ninao mimi. Usirudi hadi nikwambie."

Mpigaji alichukua muda. Aliuweka mpira, akauinua, akapangusa chokaa, akauweka tena. Muda huo wote kijana wangu alikuwa akitafuta fremu yake, na alichagua vizuri. Hakuchukua kundi linalopiga vuvuzela, ambalo lingejaza picha kwa fujo. Alichukua kipande kilichotulia: mama mmoja aliyefunga kanga kiunoni, ndoo tupu ya dagaa mkononi, kijana aliyembeba mtoto mabegani, na mzee wa kofia aliyekuwa ameinamisha kichwa, hatazami goli kabisa. Alifunga fokasi kwa mkono, akaacha mkono utulie.

Kipa akaipangua. Mpira ukamrudia mpigaji, naye akaupiga tena, ukaingia.

Klipu ya watu ina urefu wa sekunde 14 bila kukatwa, na yote yamo ndani yake. Mama amekaza midomo. Kijana ameshika miguu ya mtoto kwa nguvu. Kisha ndoo inaanguka na mikono ya mama inakwenda kichwani: hapo ndipo kipa alipoipangua. Haijapita sekunde, mikono haijashuka, mdomo unafunguka na anaruka. Mtoto anavuta nywele za kijana bila kujua kwa nini watu wanapiga kelele, halafu naye anaanza kupiga kelele. Yule mzee anainua kichwa wa mwisho, na anatazama kwanza watu wa pembeni yake ndipo atazame uwanja. Baada ya hapo fremu inabaki tupu, wote wamekimbilia ndani, ndoo iko chini. Kama lenzi ingekuwa kwenye mpira tungepata hiyo fremu tupu na ndoo.

Mchezo uliisha 1–1 na Igoma wakachukua kombe kwa matuta. Kivuli cha mawe kilikuwa kimeshafunika boksi zima la kusini, ikabidi tupandishe mwanga wa kamera kati ya mpigaji mmoja na mwingine, siyo wakati wa pigo. Watu nao tuliwapiga vilevile, lenzi kwao kabla mpigaji hajaanza hatua.

Kwenye kuhariri, kazi ya kwanza ni kuzilinganisha kamera mbili ziende pamoja. Wengi hutumia filimbi: unatafuta mlio kwenye kamera zote, unaipanga sauti juu ya sauti. Kwenye chumba inafaa. Uwanjani inapotosha, kwa sababu sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mwamuzi akiwa boksi la kusini alikuwa mita 25 kutoka kamera ya pili na kama mita 65 kutoka jiweni. Tofauti ya mita 40 ni karibu sekunde 0.12, yaani fremu 6 kwa kiwango cha 50. Mwamuzi akiwa kati, mimi ndiye niliyekuwa karibu naye, kwa hiyo tofauti inageuka upande wa pili. Utalinganisha kwa filimbi moja, halafu nusu saa baadaye utaona mguu unagusa mpira kwenye kamera moja kabla ya nyingine, na utadhani kamera inakimbia. Linganisha kwa picha. Tulichukua fremu ambayo mguu unagusa mpira kuanzisha kipindi, inayoonekana kwenye kamera zote mbili, na tukarudia hivyo kwa kipindi cha pili na kila nilipowasha kamera upya.

Sauti ya watu haikutoka kwenye kamera yoyote. Upepo wa ziwa wa jioni ulivuma moja kwa moja kwenye jiwe na maiki yangu ilikuwa ikinguruma tu. Tulikuwa tumeifunga rekoda ndogo yenye kofia ya manyoya kwenye mti wa upande wa mashariki, katikati ya mashabiki, nyuma ya migongo iliyoukinga upepo. Vigelegele vyote unavyosikia kwenye filamu vimetoka pale.

Katika mechi nzima ya makocha, penati imebaki kwenye kamera ya kwanza mwanzo hadi mwisho. Katika filamu fupi tulimwonyesha mpigaji akichukua hatua, kisha mguu ulipogusa mpira tukakata kwenda kwa watu na kukaa nao sekunde zote 14. Mtazamaji anausikia mpira, anamwona mama akishika kichwa, anajua umekoswa, kisha anajua umeingia, na bado hajaona goli. Ndipo tukalirudia kutoka jiweni, kupangua na kumalizia, kwa nusu ya kasi. Mratibu mwanzoni alitaka goli litangulie. Alipoitazama mara ya pili akaacha.

Mkato ule unakubalika machoni kwa sababu ya mwelekeo wa macho. Goli la kusini liko kulia kwa picha, na watu wa ng'ambo wakilitazama, nao wanatazama kulia. Tulikuwa pia na shoti nzuri za watu wa upande wetu, zilizopigwa kwa kuigeuza kamera nyuma. Hao wanaonekana wakitazama kushoto. Ukizibandika baada ya penati, inaonekana wanashangilia jambo lililotokea goli lingine. Tulizitumia pale tu ambapo watu walitazama karibu na lenzi, bila upande.

Na furaha ya dakika ya 78 hatukuipeleka dakika ya 23, ingawa goli la Igoma lilikosa nyuso. Mbali na kwamba ni uongo kwa watu waliokuwepo, picha yenyewe ingesema. Mwanzoni mwa mechi kivuli cha mtu kilikuwa kama mara moja na nusu ya urefu wake. Kipindi cha pili kilikuwa mara tatu na zaidi, na mwanga umeshakuwa wa dhahabu. Kwa goli la kwanza tuliweka picha ya chini ya kichwa kile, kisha vumbi na migongo, sekunde 2 tu, na sauti ya rekoda ikafanya kazi iliyobaki.

Wiki iliyofuata wazee wa Mwaloni walikuja kuomba tuwathibitishie kwamba goli la dakika ya 23 lilikuwa la kuotea. Tuliwawekea klipu kutoka jiweni. Mfungaji alionekana wazi ametangulia mbele ya beki wa mwisho. Lakini yeye alikuwa upande wa karibu na beki upande wa mbali, na kamera iliyo karibu na mstari wa kati humsogeza mtu wa karibu kuelekea golini kuliko wa mbali, hata kama wamelingana. Tuliwaonyesha mstari wa chokaa wa boksi, ambao ardhini unakwenda sambamba na mstari wa goli lakini kwenye skrini umelala kimshazari. Ukiuchukua ulalo huo kuwa kipimo na kuutembeza hadi kwa beki, wawili hao walikuwa karibu sawa, na kwa fremu zilizopo hakuna anayeweza kuapa. Kwa hilo ingehitajika kamera ya tatu, iliyo sawa na mstari wa mabeki na inayotembea nao. Tuliwapa nakala ya mechi nzima.